Nguzo Anaona Mipira Miwili

Mpendwa Shangazi, naomba msaada wako, na ukiweza usiiweke barua hii chini ya nyingine, kwa sababu mechi ni Jumamosi na kipa ni mimi.

Najua utashangaa, maana mimi ni msichana, nimemaliza shule mwaka jana, naishi na mama yangu ambaye anafanya usafi kwenye ofisi za watu, na timu ninayoidakia ni ya wavulana watupu. Uwanja wetu wenyewe ni uwanja kwa jina tu, ni kipande cha ardhi kati ya ghala la saruji na karakana ya kuchomelea vyuma, hauna jani hata moja, mgumu kama sakafu na umejaa vikokoto, na upepo wa alasiri ukianza unanyanyua vumbi na ile saruji iliyomwagika ghalani mpaka unatafuna mchanga bila kufungua mdomo. Ukidondoka pale unaacha ngozi, na ndiyo maana timu ilipopoteza kipa wake, ambaye alipata kazi ya utingo akaondoka, wavulana wote na ubabe wao walianza kusukumiana goli kama watoto wanaosukumiana kuosha vyombo.

Mimi nilikuwa napita kuchota maji kwenye bomba la karakana, ambalo liko nyuma ya goli, na mpira ukija huko nilikuwa naitua ndoo chini na kuudaka, kisha nawarushia, sikuwa na nia yoyote, ni uvivu tu wa kuukimbilia. Kocha wetu, ambaye ndiye mwenye karakana, siku moja akaniita, "Wewe wa ndoo, hebu simama hapo katikati." Nikasimama na kanga kiunoni, wakanipiga mashuti wakicheka, nikadaka mengine, mengine yakanipita, moja likanipiga tumboni nikaona giza lakini sikuuachia, na kuanzia siku hiyo jina langu likawa Ndoo.

Shangazi, usidhani walinipokea. Walinivumilia kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kuchubuka. Timu yetu ina kidumu kimoja cha maji ya kunywa, kikitoka kwa nahodha kinapita kwa kila mtu na mgeni anakuwa wa mwisho, hiyo ni desturi yao na sina neno nayo, lakini mimi nilipokuwa nakunywa wa mwisho walikuwa wanakisuuza kidumu kabla ya kukijaza tena, na hawakuwahi kumsuuzia mtu mwingine. Nilikuwa naona. Mama naye nyumbani alikuwa ananiuliza, "Hivi kazi ya kupigwa mipira inalipa shilingi ngapi?" na mimi nilikuwa nacheka tu, kwa sababu jibu la kweli ni kwamba pale golini ndipo mahali pekee ambapo sikuwa binti wa mfagiaji wala mtu aliyekosa ada ya chuo.

Nikajifunza kazi. Kwenye uwanja mgumu kipa harukiruki kama wanavyofanya kwenye televisheni, unajifunza kuanguka kwa upande, paja kwanza, kisha nyonga, kisha bega, kiwiko na goti unavinyima ardhi kabisa, na mimi nilikuwa navaa suruali mbili na katikati nimeshonea vipande vya godoro kuukuu. Kabla ya mechi natembea mbele ya goli naokota kokoto moja moja, namwagia maji ili vumbi litulie, kwa sababu mpira wa chini unaokuja vizuri ukigusa kokoto unabadilisha njia na unakupiga kidevuni, kwa hiyo mpira wa chini siungoji udunde mara ya pili, nauendea, vidole vidogo vimekutana chini na mwili wote uko nyuma ya mikono, mikono ikikosea basi kifua kisikosee.

Lakini kazi kubwa ya kipa, Shangazi, ni mdomo. Wewe nyuma unaona uwanja mzima na mabeki wanaona mpira tu, kwa hiyo unawaambia kuna mtu nyuma yako, geuka, toka, piga, na mpira wa juu ukiuendea unasema "Yangu!" mara moja, kwa sauti, mapema, na beki akisikia anakupisha. Sasa hawa hawakunipisha. Mechi ya kwanza nilisema "Yangu!" beki wa kushoto akaruka hivyo hivyo, tukagongana, mpira ukaingia polepole kama unaoona aibu, halafu yeye akageuka akaniambia, "Unanipigia kelele kama mama yangu, hamu ya kusikia inaisha." Wote wakacheka na goli likawa langu.

Aliyebadilisha mambo ni beki wetu wa kati, tunamwita Nguzo, ni mrefu, mpole, anafanya kazi kwa kocha hapo hapo karakanani, na mama yake ni fundi cherehani mtaa wetu. Yeye alikuwa hasemi sana. Ila siku moja tulicheza na timu ya ng'ambo ya barabara ambao wana mchezo mchafu, mshambuliaji wao akiwa nyuma ya beki wako anapiga kelele "Yangu!" kama vile ni kipa, beki anaacha mpira, yeye anafunga. Refa anatakiwa kulikataza hilo, lakini kwenye vumbi refa atajua ni nani aliyesema? Wakatufunga hivyo goli moja. Wakati wa mapumziko watu wanalaumiana, Nguzo akafuta uso na fulana, akasema, "Nyie hamna akili. Kwenye uwanja huu kuna sauti moja tu ya kike. Ikisema yangu ni yake, ikisema ya kiume ni mwongo, piga mpira."

Kipindi cha pili upepo ukaja, Shangazi, vumbi likasimama katikati ya uwanja mpaka nahodha hakuonekana, na wao wakafuata sauti yangu. Nikisema "Pandeni!" mabeki wote wanne wanapiga hatua mbele kwa pamoja, mshambuliaji anabaki nyuma yao wakati pasi inapigwa, ameotea, kibendera juu, na mtego huo unataka watu wanne wamtii mmoja bila kugeuka kumtazama, mmoja tu akibaki nyuma umekufa. Hakubaki hata mmoja. Mwishoni yule mwongo wao akapenya peke yake, nikamtokea, nikajilaza miguuni pake kwa upande ili nizibe njia yote, teke likanipata mdomoni na mpira nikabaki nao kifuani. Jino langu la mbele lilikatika nusu. Mama alisema nilimtoka na meno kamili na sasa namrudishia mapengo. Lakini siku hiyo kidumu kilipoletwa, nahodha alikishika, akaangalia huku na huku, akanipa mimi kwanza, nikanywa na damu yangu, na aliyefuata akanywa palepale nilipoweka mdomo, wala hakukifuta. Nililia, nikasema ni jino.

Wiki ile mama yake Nguzo alinishonea glavu. Nilikuwa natumia za kufanyia usafi za mama, yeye akachukua glavu za kazi, akashonea mpira mwembamba wa tairi la ndani kwenye viganja, akapindia mkanda kwenye kifundo cha mkono, akanipima vidole kimoja kimoja. Aliniambia, "Mwanangu anasema wewe ndiwe macho yake huko, basi nimeshona kwa uzi mzito." Sasa hivi watoto wa kike wa mtaani wanakuja kukaa nyuma ya goli langu, na wao ndio wanaookota kokoto.

Sasa linakuja lenyewe. Jumamosi iliyopita tulikuwa nusu fainali, ikapigwa kona, nikaona mpira ni wangu, nikasema "Yangu!" mapema kabisa, nikaruka nimenyanyua goti kama kipa anavyotakiwa ili ajikinge, na Nguzo alikuwa anapisha, nakuapia alikuwa anapisha, lakini mtu wao alimsukuma mgongoni akaja upande wangu, na goti langu likampiga hapa pembeni ya jicho, kwenye panja. Alianguka na mkono mmoja umekakamaa hewani. Macho yalikuwa wazi na hayakuwa yanatazama kitu. Kocha akaja mbio na kidumu, akammwagia maji yote kichwani, akampiga makofi mashavuni, akamwonyesha vidole, Nguzo akasema "viwili," ilikuwa viwili kweli, wote wakapiga makofi na akarudi kucheza, na akapiga vichwa mipira mingine. Tukashinda. Baada ya mechi aliniuliza, "Tumeshinda?" Nikamwambia tumeshinda. Akaenda kuvua viatu, akarudi, "Ndoo, hivi tumeshinda?" Kisha nikamkuta nyuma ya ukuta wa ghala anatapika ameshika tofali.

Kocha anasema ni jua. Maumivu ya kichwa anasema ni mwanga wa kuchomelea, kwa sababu Nguzo karakanani sasa anafumba macho hata mashine ikiwa imezimwa. Jumatatu kwenye mazoezi nikamwambia "Nguzo, toka!" akasimama tu, nikamwambia "Kushoto!" akaenda kulia akapiga teke hewa, wenzake wakacheka wakidhani anaigiza, na mimi nikaanza kumfunika, nikawa natoka golini mbali zaidi, namwita beki wa kushoto aingie katikati, ili asionekane. Tulipomaliza akaja akakaa karibu yangu.

"Ndoo, nikwambie kitu hutacheka?"

"Sema."

"Naona mipira miwili. Mmoja wa kweli, wa pili sijui unatoka wapi. Wewe Jumamosi niite tu, niambie kulia au kushoto, mimi nitafuata sauti yako."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile. Asubuhi inakuwa afadhali, inabaki mmoja na nusu." Akacheka, halafu akashika kichwa kwa sababu kucheka kunamuuma.

Nikamwambia tumwambie mama yake, akanishika mkono akasema nisithubutu. Fainali anakuja mtu wa klabu kubwa, kocha mwenyewe ndiye aliyemwita, anakuja kwa ajili ya Nguzo, na akimpenda anamchukua moja kwa moja kambini, kitanda, chakula, mshahara. Nafasi hiyo haitarudi, na mama yake macho yameanza kuchoka na sindano. Pia timu yetu ina sheria, mambo ya uwanjani hayapelekwi nyumbani, hata jino langu niliambiwa niseme nimeanguka. Nikisema, watasema tulijua, mwanamke hakai na siri, na wale watoto wa nyuma ya goli hakuna atakayewapa hata dakika moja ya kujaribu. Nikinyamaza, kila nikifumba macho naona ule mkono umesimama hewani.

Naomba unishauri, Shangazi. Nimefikiri kwamba nikimwongoza vizuri, mipira yote ya juu niifuate mimi au nimwite mwingine, anaweza kumaliza mechi bila kuguswa kichwa, mtu wa klabu amwone, halafu Jumapili nimpeleke hospitali mwenyewe. Je, hilo linawezekana? Na goti lilikuwa langu, nifanye nini nalo?

Wako,
Ndoo.

(Nimeandika namba ya simu chini lakini naomba usipige, mama anaweza kupokea.)

SHANGAZI ANAJIBU

Ndoo mwanangu, haliwezekani.

Nimeliweka jibu mwanzoni ili usije ukasoma nusu ukaitwa kuchota maji. Barua yako imenifikia Jumatano, na gazeti linatoka Ijumaa. Uliniomba nisipige simu, nimepiga. Ukapokea mwenyewe, nikajitambulisha, ukasema kwa sauti ya chini, "Shangazi, niandikie tu," ukakata. Nimepiga tena mara nyingi, imezimwa. Nimetuma ujumbe na sijui kama umeusoma. Hukuniambia mtaa wala jina la timu, ungeniambia ningekuwa nimeshafika kwenye hiyo karakana na kumtoa kijana wa watu kwa mikono yangu, kisha nibaki kuzungumza na kocha wenu kwa lugha ambayo gazeti hili haliruhusu kuchapishwa.

Nilimsomea daktari barua yako. Hakuningoja nimalize. Nilipofika kwenye mkono uliokakamaa aliuliza kijana yuko hospitali gani, nikamwambia yuko mazoezini. Kisha akanieleza, nami nakupa kama nilivyopewa. Ubongo wa huyo kijana umetikiswa ndani ya fuvu. Kuzimia, kusahau na kuuliza lile lile, kutapika, mwanga kuumiza, kuona vitu viwili viwili, hizo ni dalili za hatari, na inawezekana pia kuna damu inayovuja ndani taratibu, jambo ambalo wewe huwezi kulijua, mimi siwezi, na kocha na vidole vyake viwili ndiyo kabisa. Mtu anaweza kutaja vidole vyote vya mtaa mzima na bado akawa anakufa. Na ubongo ambao haujapona ukitikiswa tena, hata kidogo, unaweza kuvimba ghafla, na hapo ni dakika, si siku. Wapo vijana walioanguka hivyo mbele ya washangiliaji na hawakuinuka.

Sasa uniambie, utamwita kulia na kushoto, sawa. Kiwiko cha mtu utakiita? Bega? Akijikwaa mwenyewe akaanguka kwenye ardhi uliyoniambia ni kama sakafu, utaiambia ardhi "Yangu"? Umeniandikia vizuri sana jinsi mpira unavyogusa kokoto na kubadilisha njia. Wewe unaijua ardhi hiyo kuliko mtu yeyote, halafu unataka kuikabidhi kichwa cha mwenzako. Nimekukasirikia, sikufichi. Kumfunika mazoezini ili asionekane, hapo ulikosea, na ulikosea kwa sababu una kipaji. Kipa mbovu asingeweza kumficha.

Goti liache. Uliita mapema, ulijikinga kama kipa anavyotakiwa, na kijana alisukumwa. Hilo goti ni la mchezo. Kinachofuata ndicho chako.

Kuhusu kusema. Unaogopa watasema mwanamke hakai na siri. Watasema, mimi sikudanganyi. Wengine watakisuuza tena hicho kidumu, na huenda wakaona heri wasukumiane goli wao kwa wao kuliko kukuita. Nguzo mwenyewe anaweza asikusemeshe mpaka uzeeke. Mtu wa klabu kubwa anaweza asirudi tena, na hilo litauma katika nyumba ya yule mama, nalo lisemwe wazi. Lakini nimesoma barua yako mara kadhaa nikitafuta walichokuheshimia, na si jino. Walikuheshimu siku walipofanya ulichosema bila kugeuka kukutazama, kwa sababu wewe nyuma uliona ambacho wao hawakukiona. Na sasa hivi unakiona, na uko kimya.

Basi sikiliza. Usiende kwa kocha kwanza. Kocha ana fainali, ana mgeni aliyemwalika, na ana jua na mwanga wa kuchomelea vya kusingizia. Usiende kwa nahodha. Usiende kwa Nguzo kumwomba ruhusa, maana kichwa ambacho ungekiomba ruhusa ndicho kilichoumia. Nenda kwa mama yake, leo, ukiwa na gazeti hili mkononi. Usizunguke, usianze na salamu ndefu. Mwambie alizimia, mkono ulikakamaa, alitapika, anauliza mambo mara mbili, anaona mipira miwili. Mwambie ni tangu lini. Akipiga kelele mwache apige, akikutukana pokea, kisha mshike mkono mwende pamoja karakanani mkamchukue, na hospitalini mambo hayo hayo uyaseme wewe, kwa sababu mgonjwa atasema yuko salama. Njiani asitembee peke yake. Kama hata sasa hivi anatapika, ana usingizi usio wa kawaida, ulimi mzito au mkono umelegea, usitafute hata mama, tafuta gari. Na asipande ngazi, asishike ile mashine ya kuchomelea, asiguse mpira, mpaka daktari aseme, na atakaposema atarudi polepole, kwanza kutembea, kisha kukimbia, kupiga mpira kwa kichwa kuwe kwa mwisho kabisa.

Na kama Jumamosi itafika, mama hakukuelewa, kocha amekushinda kwa maneno na Nguzo amevaa jezi, basi usiingie uwanjani. Wanaume hao hawakutaka kudaka mwaka mzima, hawataanza siku ya fainali. Mwambie refa kabla ya filimbi, kwa hiyo sauti yako moja ya kike ambayo kila mtu pale anaijua, kwamba nambari fulani ameumia kichwa na haruhusiwi kucheza. Mwambie na yule mgeni wa klabu. Anayejua kazi yake atamwondoa kijana mwenyewe, na asiyeijua hafai kupelekewa mtoto wa mtu.

Nyie makocha wa mitaani mnaosoma safu hii ili mcheke matatizo ya ndoa za watu, leo lenu liko hapa. Maji ni ya kunywa. Aliyegongwa kichwa akapoteza fahamu hata kwa kufumba na kufumbua, anatoka, harudi siku hiyo, anakwenda kwa daktari. Haijalishi ni fainali ya nani.

Ndoo, sina la kukutuliza zaidi. Sijui wakati unasoma hapa kijana yuko wapi. Naandika kama mtu anayesema gizani akitumaini kuna anayesikia, na hiyo kazi wewe unaijua kuliko mimi. Akipona akakuchukia, na akuchukie akiwa hai, atakuwa na miaka mingi ya kubadilisha mawazo.

Sasa kunja gazeti. Zichukue zile glavu, nenda kwa fundi cherehani, uziweke juu ya meza yake, na uanze kusema kabla hajakuuliza zimechanika wapi.

Shangazi.